Ufanisi wa tabo na entropia: maswali ya mafundi wa boti Lamu

Maswali haya yamenijia kwa miaka kadhaa. Mengine ni ya mafundi wa injini za boti hapa Lamu na ng'ambo ya Mokowe, mengine ni ya vijana wetu wanaosomea uhandisi bara, ambao wakirudi likizo hunitafuta gatini wakiwa na daftari mkononi. Yanahusu jambo moja: tabo ikifanya kazi, nguvu kiasi gani inapotea, inapotea wapi, na mtu atajuaje bila kuifungua.

Ukurasa mzima unatumia injini moja, dizeli ya kama kilowati 200 kwenye boti ya mizigo inayokwenda Faza na Kiunga. Tabo yake ina pande mbili juu ya shafti moja. Upande mmoja ni tabaini inayozungushwa na moshi wa ekzosi, na upande wa pili ni kompresa inayobana hewa ya kuingia kwenye injini. Kwa hiyo mashine zote mbili tunazozizungumzia zimo ndani ya chombo unachoweza kukipakata.

## Mwanzo

Ufanisi wa kiisentropia ni nini hasa?

Ni ulinganisho wa mashine yako na mashine kamilifu inayofanya kazi ileile kati ya presha zilezile mbili. Kompresa kamilifu haina msuguano, haivujishi hewa, na joto haliingii wala halitoki kwenye ganda lake. Hiyo ndiyo inayohitaji kazi ndogo kuliko zote za aina yake kufikisha hewa kwenye presha unayoitaka. Kompresa halisi inakula zaidi. Ukigawanya kazi ya ile kamilifu kwa kazi ya ile halisi, jibu ndilo ufanisi.

Kwa tabaini mgawanyo unageuka. Tabaini inatoa kazi, na ile kamilifu ndiyo inayotoa nyingi zaidi, basi ya halisi inakaa juu na ya kamilifu inakaa chini. Makosa mengi ya wanafunzi yanaanzia hapa. Ukitaka kuhakiki, kumbuka kwamba kwa mashine zote mbili jibu sharti liwe chini ya 1. Likizidi, soma sehemu ya mwisho kabla hujafurahi.

Kwa nini hewa ipate joto hata kwenye kompresa kamilifu?

Kwa sababu kazi unayoitia hewa haina pengine pa kwenda. Joto halitoki, basi nishati yote inabaki ndani ya hewa yenyewe, na hewa yenye nishati zaidi ina halijoto ya juu zaidi. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua jinsi ncha ya pampu inavyochoma. Kwa hiyo joto lenyewe si dalili ya ubovu. Dalili ya ubovu ni joto *la ziada*, lile linalopita kiwango ambacho kubana peke yake kungelileta.

Na entropia? Kila kitabu kinasema "vurugu" halafu kinanyamaza.

Neno entropia lilibuniwa na Mjerumani Rudolf Clausius mwaka 1865, na kwa kazi yetu "vurugu" halitusaidii sana. Mimi huwaambia vijana wafikirie maji ya visima vya Shela. Chini ya yale matuta ya mchanga kuna maji matamu, na nje kuna bahari. Chukua ndoo ya maji matamu, uimimine kwenye ndoo ya maji ya bahari. Hakuna tone lililopotea, na ukipima utapata ndoo mbili kamili. Lakini umepoteza kitu: huwezi tena kunywa, na kuyatenganisha upya utalipa kwa mafuta au kwa umeme.

Entropia inayozalishwa ni kipimo cha upotevu wa namna hiyo. Hewa ikijisugua kwenye mapanga, nishati haipotei, kwani inageuka joto na kubaki mlemle. Kilichopotea ni uwezo wake wa kufanya kazi, na haurudi bure. Kila penye msuguano, uvujaji, mchanganyiko au joto kutiririka kutoka pa moto kwenda pa baridi, entropia inazaliwa. Haipungui kwa ujumla wake hata siku moja, na ndiyo maana inafaa kuwa daftari la hasara.

## Kupima na kukokotoa

Nahitaji vipimo gani?

Vinne kwa upande wa kompresa: presha na halijoto ya hewa inapoingia, na presha na halijoto inapotoka. Geji mbili za presha na vipimajoto viwili vya waya vinatosha. Kipimajoto cha kutokea kiwe ndani ya mkondo wa hewa, kati ya kompresa na kipoza hewa. Kile cha kumulika kwa taa nyekundu kinakupa halijoto ya ganda la bomba, na hilo ni jambo jingine.

Mitego ni miwili. Geji inaonyesha presha iliyozidi ile ya hewa ya kawaida, kwa hiyo ikisoma baa 1.2, presha kamili ni kama baa 2.2, kwa maana hapa tuko usawa wa bahari na hewa yenyewe ina karibu baa 1. Halijoto nayo iingie kwenye hesabu kwa kelvini, yaani ongeza 273 kwenye selsiasi. Nimeona hesabu ndefu na safi ikitoa jibu la ajabu kwa sababu ya 273 iliyosahauliwa mstari wa kwanza.

Hesabu yenyewe inakwendaje?

Kanuni ni hizi. T ni halijoto na P ni presha. Alama 1 ni kuingia na 2 ni kutoka kwa kompresa, 3 ni kuingia na 4 ni kutoka kwa tabaini, na herufi s ni ya mashine kamilifu.

```
T2s = T1 × (P2/P1)^0.286
ufanisi wa kompresa = (T2s − T1) / (T2 − T1)
ufanisi wa tabaini  = (T3 − T4) / (T3 − T4s)
s_gen = cp × ln(T2/T1) − R × ln(P2/P1)
kazi iliyopotea = T0 × s_gen
```

Kwa hewa, cp ni 1.005 na R ni 0.287, zote kwa kilojuli kwa kilo kwa kelvini. Hiyo `s_gen` ndiyo entropia iliyozalishwa, na `T0` ni halijoto ya mazingira.

Sasa tuingie kwenye boti yetu ikiwa na tabo safi. Hewa inaingia ikiwa nyuzi 30, yaani kelvini 303, kwa baa 1. Inatoka kwa baa 2.2. Uwiano wa presha ni 2.2, na 2.2 ikipandishwa kwa 0.286 inatoa 1.253. Kompresa kamilifu ingeitoa hewa ikiwa kelvini 379.6, ongezeko la 76.6. Kipimajoto kinasema nyuzi 135, yaani kelvini 408, ongezeko la 105. Gawanya 76.6 kwa 105, unapata 0.73. Ufanisi ni asilimia 73.

Kwa kilojuli, kila kilo ya hewa imekula 105.5 wakati 77 zingetosha. Injini ya ukubwa huu hupitisha takriban gramu 300 za hewa kila sekunde, kwa hiyo shafti inabeba kama kilowati 32 kufanya kazi ambayo kilowati 23 zingeimaliza.

Asilimia 73 ni nzuri au mbaya?

Kwa tabo ndogo ya injini kama hii ni ya kawaida. Mahali pake pazuri kabisa inaweza kupita 75, na injini ikiwa na mzigo mdogo au mkubwa mno inashuka. Usihangaikie tofauti ya pointi mbili. Kipimajoto kikikosea nyuzi 3 tu, ile 73 inaweza kusomeka 71 au 75. Cha maana ni kulinganisha tabo na yenyewe, kwa mizunguko ileile na presha ileile, mwezi huu na mwezi uliopita. Mwenye daftari la vipimo anajua zaidi kuliko mwenye kipimo kimoja cha bei ghali.

## Entropia inaongeza nini juu ya ufanisi

Kama ufanisi ninao tayari, entropia ya nini?

Kwa sababu ufanisi unakwambia umepungukiwa kiasi gani ukilinganisha na mashine kamilifu, lakini haukwambii kama ulichopungukiwa kimekufa au bado kipo. Hayo ni mambo mawili, na tabo inayaonyesha vizuri kuliko mashine yoyote ninayoijua.

Rudi kwenye kompresa. Imekula kilojuli 28.5 za ziada kwa kila kilo ya hewa. Sasa kokotoa entropia: 1.005 mara logi ya asilia ya 408/303 ni 0.299, ukitoa 0.287 mara logi ya 2.2 ambayo ni 0.226, inabaki 0.073 kilojuli kwa kilo kwa kelvini. Zidisha kwa kelvini 303 za mazingira, unapata kilojuli 22. Hiyo kanuni ya kuzidisha entropia kwa halijoto ya mazingira ili kupata kazi iliyopotea inabeba majina ya Mfaransa Georges Gouy na Aurel Stodola, mhandisi wa Kislovakia aliyefundisha Zurich na kuifahamu tabaini kama nahodha anavyoufahamu mkondo wake.

Kwa hiyo ziada ni 28.5 lakini iliyokufa ni 22.

Zile 6.5 zilizobaki ziko wapi?

Ziko ndani ya hewa. Kazi ya ziada imeifanya hewa itoke na nyuzi 135 badala ya 107, na hewa ya moto zaidi ina uwezo wa kufanya kazi zaidi. Kama ungeipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kuutumia ule umoto, ungerudishiwa hizo 6.5.

Lakini boti yetu haifanyi hivyo. Hewa ikitoka kwenye kompresa inapita kwenye kipoza hewa, maji ya bahari yanaubeba umoto wote na kuumwaga ubavuni. Zile 6.5 zinafia pale, si ndani ya kompresa. Fundi anayetaka kujua hasara halisi ya kompresa aandike 22. Anayetaka kujua hasara inayosababishwa na ubovu wa kompresa kwenye boti nzima aandike 28.5. Namba zote mbili ni za kweli, ilimradi useme mpaka umeuchora wapi.

Je, tabaini nayo ni vivyo hivyo?

Hapana, na hapa ndipo nilipoanza kuipenda mada hii. Moshi wa injini yetu unaingia kwenye tabaini ukiwa nyuzi 530, kelvini 803, kwa baa 2.0, na unatoka kwa baa 1.05. Kwa moshi tumia cp ya 1.15 na kipeo cha 0.248 badala ya 0.286, kwa sababu moshi wa moto si hewa baridi. Tabaini kamilifu ingeushusha moshi hadi kelvini 684. Halisi imeushusha hadi kelvini 712, yaani nyuzi 439. Ufanisi ni 91 gawanya kwa 118.6, karibu asilimia 77.

Kwa kilojuli, tabaini imetoa 105 kwa kila kilo ya moshi, na imepungukiwa na kama 32. Upungufu huo ni mkubwa kidogo kuliko ule wa kompresa. Ukikokotoa entropia, R ya moshi ikiwa 0.285, unapata 0.045, na ukizidisha kwa 303 unapata kilojuli 14 tu. Zaidi ya nusu ya upungufu bado iko hai ndani ya moshi.

Sababu ni halijoto. Msuguano unaogeuza kilojuli moja kuwa joto kwenye nyuzi 450 unaiacha ile kilojuli mahali pa moto sana, na joto la mahali pa moto sana bado lina kazi nyingi ndani yake. Msuguano uleule kwenye nyuzi 80 unaiacha karibu na halijoto ya mazingira, ambako haina la kufanya. Kwa hiyo mashine mbili zenye upungufu unaokaribiana hazina hasara zinazokaribiana. Kompresa, kwa kuwa ni ya baridi zaidi, inaua zaidi.

Kama kuna siku ya kusafisha upande mmoja tu, safisha kompresa. Na kama moshi wa injini yako unapitishwa mahali pa kuchemshia maji, ubovu mdogo wa tabaini unakurudishia kiasi fulani huko mbele. Boti nyingi za hapa zinautupa moshi hewani, na kwao kile kilichobaki hai kinafia angani juu ya mlangobahari wa Mkanda.

Hasara zinazaliwa sehemu gani ndani ya tabo?

Kubwa ni tatu. Ya kwanza ni hewa kujisugua kwenye mapanga na kuta, na msuguano huo unaongezeka panga likiwa na magamba ya chumvi na mafuta. Ya pili ni uvujaji wa nchani: kati ya ncha ya panga na ganda kuna mwanya mdogo, na hewa yenye presha hurudi nyuma kupitia hapo ikichanganyika na inayokuja. Beringi zikilika, shafti inacheza na mwanya unapanuka. Ya tatu ni pale hewa inapotoka kwenye gurudumu kwa kasi kubwa na kupunguzwa mwendo ili kasi igeuke presha. Ikipunguzwa kwa ghafla, inaachana na ukuta na kuwa vizingia, kama maji nyuma ya nguzo ya gati wakati mkondo una nguvu.

Msuguano wa beringi zenyewe hauonekani kwenye hesabu hizi, kwa sababu unakwenda kwenye mafuta ya kulainishia. Kwa tabo yetu unaonekana ukilinganisha pande mbili: moshi ni mzito kuliko hewa kwa asilimia 4 kwa sababu una dizeli iliyoungua ndani, hivyo tabaini inatoa karibu 109 kwa kila kilo ya hewa huku kompresa ikipokea 105.5. Zile zaidi ya 3 zimepotelea kwenye beringi.

## Kisa cha chujio

Ufanisi wa tabo yangu umeshuka. Je, tabo imekufa?

Labda, lakini pima kabla ya chujio na baada ya chujio kwanza. Nitasimulia ilivyotokea kwenye boti hii.

Nahodha alilalamika kwamba moshi umekuwa mweusi. Tulifunga boti gatini, tukaipa injini mzigo mpaka geji ya hewa ikasoma baa 1.2 kama siku zote. Kipimajoto cha kutokea kilisoma nyuzi 150, si 135. Ongezeko la 120 dhidi ya 76.6 ya mashine kamilifu: ufanisi umeshuka hadi asilimia 64. Fundi kijana aliyekuwa nami akasema tabo ishushwe, iagizwe nyingine Mombasa.

Nikamwomba aweke geji kati ya chujio na kompresa. Ilisoma upungufu wa baa 0.05. Chujio lilikuwa limeziba kwa vumbi la simenti tuliyokuwa tukibeba, na kompresa haikuwa ikivuta hewa ya baa 1 bali ya 0.95. Ukiweka presha ile ya kweli ya kuingilia, uwiano unakuwa 2.316, kompresa kamilifu ingepandisha halijoto kwa 82.2, na ufanisi wa kompresa yenyewe ni asilimia 68.5. Kompresa ilikuwa chafu, ndiyo, lakini haikuwa imekufa.

Chujio halina shafti wala halipandishi joto. Hasara yake ilipimwaje?

Hapo ndipo ufanisi wa kiisentropia unapofika mwisho wa kamba yake. Hewa inapita kwenye chujio bila kupokea kazi, na halijoto haibadiliki. Huwezi kugawanya chochote kwa chochote. Entropia haina shida hiyo. Halijoto ikiwa ileile, kinachobaki ni R mara logi ya 1/0.95, ambayo ni 0.0147. Zidisha kwa 303, unapata kilojuli 4.5 kwa kila kilo ya hewa, zimekufa ndani ya karatasi ya chujio bila hata kuipasha moto.

Uzuri mwingine ni kwamba entropia inajumlishika. Kompresa ilizalisha 0.0943, chujio 0.0147, jumla 0.109. Ukikokotoa njia nzima kwa mkupuo mmoja, kutoka hewa ya nje hadi nyuzi 150 kwa baa 2.2, unapata 0.109 ileile. Asilimia hazijumlishiki hivyo. Huwezi kusema kati ya pointi 9 zilizopotea ngapi ni za chujio mpaka upime kivyake, lakini kwa entropia unagawa lawama kama mizani: ongezeko zima kutoka siku ya usafi lilikuwa 0.036, na chujio peke yake lilibeba asilimia 40 ya hilo.

Angalia pia ukubwa wa mabadiliko. Ufanisi ulitoka 73 hadi 64, jambo ambalo mtu anaweza kulipuuza. Kazi iliyokufa ilitoka 22 hadi 33, yaani imeongezeka kwa nusu.

Mlifanya nini, na mlijuaje kwamba imepona?

Tulibadilisha chujio tu, kisha tukapima tena kwa baa 1.2 ileile. Kipimajoto kilishuka hadi 142, ambayo ndiyo hesabu ya asilimia 68.5 ilivyotabiri. Kesho yake tulifungua ganda la kompresa na kuosha gurudumu kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi laini, bila kukwaruza panga hata moja. Kulikuwa na ukoko wa mafuta uliochanganyika na chumvi, ule unaojijenga hasa miezi ya kusi ambapo hewa imejaa rasharasha za bahari. Baada ya hapo kipimajoto kilirudi 135 na moshi ukawa mwepesi.

Kama baada ya kuosha kingebaki 142, ningeshuku mwanya wa nchani na kushika shafti kwa vidole kuona kama inacheza.

## Hali za pembeni

Nimepata ufanisi zaidi ya asilimia 100. Nimevumbua kitu?

Hapana. Karibu kila mara ni joto linalotoka. Kwa tabaini, ganda la chuma lenye nyuzi mia kadhaa linapoteza joto kwa hewa ya chumba cha injini. Moshi unatoka na halijoto ya chini kuliko ambayo kazi peke yake ingeufikisha, na kanuni yako inadhani upungufu wote wa halijoto ni kazi. Ndiyo maana kwa tabaini ya tabo ni salama zaidi kukisia kazi yake kutoka upande wa kompresa.

Moshi wa injini ya pistoni pia huja kwa mapigo, hauji kama mto tulivu. Geji inaonyesha wastani, lakini tabaini inakula mapigo. Namba zangu za tabaini zichukue kama makadirio mazuri, si kama zile za kompresa.

Hesabu imetoa entropia hasi. Kanuni imevunjika?

Haijavunjika. Ile kanuni fupi ya `s_gen` inakubalika tu pale joto lisipovuka ganda. Hewa ikipozwa njiani, entropia yake yenyewe inaweza kupungua, kwa sababu joto linaibeba nje. Ukijumlisha iliyokwenda kwenye maji ya kupozea, jumla inarudi kuwa chanya. Jumla ikibaki hasi baada ya hapo, geji yako inadanganya, na mara nyingi ni kipimajoto kilichokaa baada ya kipoza hewa badala ya kabla.

Joto la tabaini haliiharibu hesabu ya kompresa?

Linaiharibu, hasa injini ikiwa na mzigo mdogo. Tabaini ya moto iko sentimita chache tu kutoka kwenye kompresa, na joto linapitia shafti na ganda. Hewa inatoka na umoto ambao si wa kubanwa, na kompresa inaonekana mbovu kuliko ilivyo. Mzigo ukiwa mkubwa, kazi ya kubana inakuwa nyingi na joto hilo la kuazima linakuwa dogo kwa kulinganisha. Pima injini ikiwa inavuta, usipime ikiwa inanguruma bila kazi.

Kanuni hizi zinafaa kwa kompresa ya pistoni ya karakana, au ya mashine ya barafu?

Ya karakana ina mapezi ya kupozea, na lengo lake ni hewa kutoka baridi iwezekanavyo. Kuilinganisha na mashine isiyotoa joto ni kuipendelea, kwa hiyo hulinganishwa na ubanaji wa halijoto isiyobadilika. Ya mashine ya barafu inabana gesi ya kupozea ambayo haifuati kanuni ya hewa, basi badala ya kipeo cha 0.286 unafungua jedwali la gesi hiyo na kusoma entropia na nishati kwa kila hali. Wazo la ufanisi ni lilelile, ila namba zinatoka kitabuni.

Kwa nini tabaini kubwa za mvuke, kama za Olkaria, zina ufanisi wa jumla unaozidi wa kila hatua?

Ni lile jambo la moshi wa moto, limerudiwa mara nyingi. Hasara ya hatua ya kwanza inauacha mvuke ukiwa na joto kidogo zaidi, na hatua ya pili inakula sehemu ya joto hilo. Kompresa ya hatua nyingi inapata kinyume chake: joto la hasara ya hatua ya kwanza linaifanya hatua ya pili ibane hewa ya moto, ambayo ni ngumu zaidi kubana, na ufanisi wa jumla unashuka chini ya ule wa kila hatua. Kwa sababu hiyo kompresa kubwa huwekewa kipoza kati ya hatua.

Unyevu wa hewa ya Lamu unabadilisha hesabu?

Ufanisi haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mvuke wa maji ni kama asilimia 2 ya uzito wa hewa, hata siku ya unyevu mwingi. Pa kuangalia ni kwenye kipoza hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ikibanwa hadi baa 2.2, inaanza kutoa maji ikipozwa chini ya nyuzi 40 hivi, na maji ya bahari yetu yanaweza kuifikisha huko. Fungua kizibo cha chini cha kipoza mara kwa mara, uyaonje yanayotoka. Yakiwa matamu ni unyevu wa hewa. Yakiwa ya chumvi, bomba la kipoza limetoboka, na bahari iko njiani kuingia kwenye silinda.